Plagi ya pini 16 ya kadi ya grafiki: jinsi ya kuizamisha mpaka mwisho

Kompyuta zinazoletwa mezani kwangu zikiwa na plagi iliyoungua zina maelezo yanayofanana. Mwenyewe huniambia, "Fundi, mimi niliisukuma mpaka ikagoma." Na kweli iligoma, ila iligoma milimita moja au mbili kabla ya kufika. Kompyuta ikawaka, picha ikaonekana, kesi ikafungwa, na wiki kadhaa baadaye chumba kikanuka plastiki.

Mwongozo huu unahusu plagi hiyo peke yake: ile ndogo yenye pini 16, inayoitwa 12VHPWR au 12V-2x6, inayolisha kadi kubwa kama RTX 4090. Nimeuandika hatua kwa hatua, kwa sababu anayekosea hapa mara nyingi ni mtu makini tu aliyeamini kidole chake kuliko jicho lake.

## Andaa hivi kwanza

- Kebo ya pini 16 iliyokuja na pawasaplai yako, au adapta iliyokuja na kadi.
- Tochi ndogo. Ya simu inatosha.
- Simu yenye kamera inayoweza kupiga picha ya karibu bila ukungu.
- Bisibisi ya nyota.
- Rula yenye milimita.
- Kitambaa laini au sponji ya kulazia kadi mezani.

Kuhusu kebo nina neno moja. Usichukue kebo ya pawasaplai nyingine kwa kuwa tu inaingia. Upande wa kadi ni wa aina moja kwa wote, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga nyaya zake anavyotaka, na wakati mwingine mtengenezaji huyohuyo hubadilisha mpangilio kati ya toleo moja na jingine. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikapeleka volti 12 kwenye waya wa kurudishia umeme.

## Kwa nini milimita moja inatosha kuunguza

Kati ya pini 16, kubwa ni 12. Sita hupeleka volti 12 kwenye kadi na sita hurudisha. Nne zilizobaki ni vipini vyembamba vya mawasiliano: kwavyo kadi hujua kwamba kebo ipo, na kebo hiyo inaruhusiwa kutoa wati ngapi.

Chukua RTX 4090, ambayo kiwango chake ni wati 450. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 37.5. Zigawe kwa pini sita, kila pini inabeba ampea 6 na robo. Pini moja imekadiriwa kubeba ampea 9 na kidogo, kwa hiyo nafasi ya kupumua ipo, ila si kubwa. Linganisha na plagi ya zamani ya pini 8: yenyewe hupewa wati 150 tu, kila pini ya umeme inabeba ampea 4 na ushei, na pini zake ni nene zaidi na zimekaa mbalimbali zaidi.

Sasa plagi imeingia upande upande. Pini tatu za upande mmoja zimeshika vizuri, tatu za upande wa pili zinagusana kwa ncha tu. Umeme haugawanyiki sawa kwa adabu. Unakwenda kwenye njia nyepesi. Pini tatu nzima zinabeba karibu mzigo wote, yaani ampea 12 na nusu kila moja. Mkondo umeongezeka mara mbili, lakini joto la kwenye mguso huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo joto limekuwa mara nne. Zile zinazogusa kwa ncha nazo zina ukinzani mkubwa, kwa hiyo hata umeme kidogo unaopita pale unazipasha.

Joto hilo hulegeza kile kibano cha chuma ndani ya plagi kinachoikamata pini. Kikilegea, mguso unazidi kuwa mbaya, joto linazidi, na plastiki inaanza kulainika. Ndiyo maana plagi inaweza kukaa wiki nyingi kimya kisha ikaungua kwa siku moja.

Na kadi haiwezi kukuonya. Kipimajoto chake kiko kwenye chipu, hakiko kwenye plagi, na kwenye RTX 4090 pini zote sita za volti 12 zinaungana pamoja mara tu zinapoingia kwenye bodi, kwa hiyo kadi inaona jumla ya mzigo, haioni pini gani imeelemewa. Utasoma nyuzi 65 kwenye skrini, roho imetulia, huku plagi inaiva.

## Hatua ya 1: Zima, chomoa, mwaga umeme uliobaki

Zima kompyuta, zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa waya wa ukutani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano hivi ili chaji iliyobaki iishe. Umefaulu ukiona taa zote za mazabodi zimezimika.

Kompyuta ikiwa imetoka kufanya kazi nzito, iache ipoe kwanza. Plastiki yenye moto ni laini, na plagi iliyoharibika huvunjika ukiivuta ikiwa hivyo.

## Hatua ya 2: Soma plagi na soketi kabla ya kuziunganisha

Mulika tochi ndani ya soketi ya kadi. Pini 12 ziwe zimesimama wima, urefu mmoja, bila iliyoinama. Kisha mulika mashimo ya plagi: vile vibano vya chuma viwe vimekaa kina kimoja. Kimoja kikiwa kimerudi ndani kuliko wenzake, kebo hiyo usiitumie hata kama ni mpya, kwa sababu ukiisukuma kitazidi kurudi nyuma.

Angalia pia uchafu. Vipande vya plastiki au chembe za chuma ndani ya tundu huzuia plagi kufika mwisho na wewe ukadhani umefika.

Hapohapo tafuta maandishi madogo karibu na soketi. H+ ni soketi ya mwanzo, ile ya 12VHPWR. H++ ni iliyorekebishwa mwaka 2023, yaani 12V-2x6. Katika marekebisho hayo vile vipini vinne vya mawasiliano vilifupishwa kwa milimita 1.5, na pini kubwa zikarefushwa kwa robo milimita. Maana yake ni kwamba plagi ikiwa haijafika, vipini vifupi havigusi, na kadi inakataa kuvuta umeme. Kwenye H+ vipini hugusa mapema, kadi inaamini mambo ni shwari na kuvuta wati 450 kupitia plagi iliyoingia nusu. Ukiwa na H+ macho yako ndiyo kinga pekee.

Tofauti hiyo iko kwenye soketi ya kadi. Kununua kebo mpya iliyoandikwa 12V-2x6 hakubadilishi soketi ya kadi ya zamani.

## Hatua ya 3: Chomeka kadi ikiwa bado mezani

Wengi hufunga kadi kwenye kesi kwanza, kisha wanapapasa plagi gizani kwa vidole viwili, huku feni na vyuma vinawazuia. Hapo ndipo penye kosa. Kama kebo yako inatosha urefu, ilaze kadi kwenye kitambaa, uchomeke plagi ukiwa unaiona vizuri, kisha ndiyo uiingize kadi pamoja na kebo yake.

Tafuta kwanza kilimi cha kufungia kwenye plagi na jino lake kwenye soketi. Vielekee upande mmoja. Shika mgongo wa kadi kwa mkono mmoja ili bodi isipinde, na kwa mkono wa pili sukuma kiwiliwili cha plagi. Usisukume kwa kushika nyaya: nyaya hupinda, plagi inainama, na upande mmoja unatangulia.

Sukuma mara mbili. Mara ya kwanza inyooke na iingie mpaka ikaze. Hapo ndipo watu huishia, maana inakaza kweli. Kisha weka dole gumba ukingo huu na dole gumba ukingo ule, usukume tena kwa nguvu sawa pande zote mbili. Utahisi inazama kidogo zaidi, kama droo iliyokuwa imekwama inavyomalizia safari yake.

Usisubiri mlio. Plagi nyingine hulia "ta", nyingine hazilii kabisa hata zikifika, na nyingine hulia kilimi kikiteleza juu ya jino kabla hakijanasa.

Kama kesi yako hairuhusu njia hii, laza kesi ubavu mlango ukiwa juu. Soketi itaangalia dari, na utasukuma kuelekea chini kwa uzito wa mkono badala ya kusukuma kando.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwa macho, si kwa vidole

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda. Mulika tochi kwa pembeni, jicho likiwa usawa wa mahali plagi na soketi zinapokutana. Unatafuta mwanya.

Plagi iliyofika mwisho imekaa bapa juu ya soketi, mstari wa makutano ni mwembamba kama unywele, na ni mwembamba vilevile kulia na kushoto. Ukiona mwanya upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, imeingia upande. Ukiona chuma, au mwanya unaoweza kuingiza ukucha, haijafika. Baadhi ya watengenezaji hupaka mdomo wa plagi rangi ya njano kwa ajili hii: ukiiona njano, endelea kusukuma.

Zunguka upande wa kilimi. Ncha yake iwe imeshuka nyuma ya jino kabisa, si kukaa juu yake. Kisha ivute plagi taratibu bila kubonyeza kilimi. Isitoke hata nusu milimita.

Malizia kwa kupiga picha tatu: kulia, kushoto, na upande wa kilimi. Zikuze kwenye skrini. Kamera huona mwanya ambao jicho limechoka kuutafuta, na picha hizo utazihitaji kulinganisha miezi ijayo.

## Hatua ya 5: Upande wa pili wa kebo

Pawasaplai nyingi mpya zina soketi hiyohiyo ya pini 16 upande wake, na huko joto ni lilelile. Mwezi Februari 2025 Roman Hartung, Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer, alipima kebo ya RTX 5090 akakuta waya mmoja unabeba zaidi ya ampea 20, na plagi ya upande wa pawasaplai ilikuwa na moto kuliko ya kadi. Kwa hiyo rudia hatua ya 3 na ya 4 kule pia, kwa tochi na picha.

Ukitumia adapta yenye vichwa vya pini 8, kila kichwa kipe kebo yake inayotoka kwenye pawasaplai. Zile kebo zenye vichwa viwili kwenye waya mmoja zinajaza mashimo yote, lakini mzigo wa vichwa viwili unapita kwenye nyaya za kebo moja. Kama pawasaplai haina kebo za kutosha, hiyo pawasaplai si ya kadi hii.

## Hatua ya 6: Kunja kebo bila kuivuta plagi

Toka kwenye plagi, acha kebo inyooke angalau milimita 35 kabla ya kona ya kwanza. Pima kwa rula, usikadirie. Kona ikianza mapema, nyaya za nje ya mkunjo huvuta pini zao na za ndani huzisukuma, na plagi uliyoizamisha vizuri inaanza kuinuka upande mmoja.

Adui mkubwa hapa ni mlango wa kioo. Kadi hizi ni pana, na kwenye kesi nyembamba mlango huikandamiza kebo moja kwa moja. Funga mlango, fungua tena, halafu uangalie ule mwanya upya na tochi. Kama mlango unahitaji kusukumwa ndipo ufunge, kesi haitoshi. Afadhali ukae bila mlango mpaka upate nyingine.

## Hatua ya 7: Washa, pima, linganisha

Fungua programu ya HWiNFO na utafute mstari huu:

```
GPU 16-pin HVPWR Voltage
```

Huo ni umeme unaofika kwenye kadi baada ya kupita kebo na plagi. Andika namba kompyuta ikiwa imetulia. Kisha ipe kadi kazi nzito kwa dakika 20, na uandike tena. Kushuka kidogo ni kawaida, kwa mfano kutoka 12.1 hadi 11.85. Ukiona inashuka hadi karibu 11.5, au mwezi huu imeshuka kuliko mwezi uliopita kwa kazi ileile, zima ukague plagi zote mbili.

Wakati wa jaribio fuatilia wati kwa amri hii:

```
nvidia-smi --query-gpu=power.draw,power.limit --format=csv -l 1
```

Baada ya dakika 20 leta pua karibu na mlango. Hakutakiwi harufu yoyote. Kisha zima, chomoa ukutani, na uguse plagi kwa nje. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha kidole, kuna tatizo.

Umefaulu kama volti imetulia, hakuna harufu, na picha mpya ya plagi inafanana na ile ya hatua ya 4.

## Mfano mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Mteja wangu mmoja hapa Dar es Salaam huchora majengo na kutengeneza picha zake kwa RTX 4090. Lalamiko lake: kila akiweka kazi ndefu, baada ya dakika 20 skrini inakuwa nyeusi na feni za kadi zinapiga kelele kwa kasi ya mwisho. Akiwasha tena, inafanya kazi kama kawaida. Alishabadilisha programu ya kadi na kupaka upya grisi ya kupozea chipu. Joto la chipu lilikuwa chini ya nyuzi 70.

Niliipa kadi kazi kwa dakika tano tu. Ikivuta wati 430 hivi, ule mstari wa HWiNFO ulisoma 11.52. Nikazima.

Tochi ilionyesha mwanya wa karibu milimita moja upande wa kulia, na upande wa kushoto hakuna mwanya kabisa. Kilimi kilikuwa katikati, na kwa mbele kilionekana kimenasa. Ilibidi kutazama kutoka kulia ndipo uone. Mlango wa kioo ulikuwa umeacha alama kwenye vitambaa vya nyaya. Nilipochomoa, mashimo mawili ya mwisho upande wa kulia yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, kama mkate uliozidi moto. Pini za kadi zilikuwa safi, zinang'aa. Bahati yake hiyo.

Kebo ile niliitupa. Tuliweka mpya ya pawasaplai ileile, kadi ikiwa mezani, na kesi pana zaidi. Kwa wati zilezile volti ikasoma 11.86. Tofauti ni 0.34. Zidisha kwa ampea 36 zilizokuwa zinapita: ni wati 12 za joto zilizokuwa zinapotelea kwenye kebo mbovu, sehemu kubwa yake ndani ya plagi yenye upana wa sentimita mbili hivi. Shika taa ya ledi ya wati 12 iliyowaka muda mrefu, uone.

Mteja aliponiuliza, "Sasa fundi, hiyo ya zamani tungeisukuma tu si ingetosha?" nilimjibu hapana, na hilo linanileta kwenye sehemu ya mwisho.

## Ukikuta imeshaanza kuungua

Usiirudishe ndani ukaendelea. Plagi iliyobadilika rangi ina vibano vilivyokwisha kulegea, na kuizamisha mpaka mwisho hakurudishi ule ukakamavu. Kebo au adapta hiyo ni ya kutupa, na uikate kabisa asije mtu kuiokota.

Ikiwa plagi imegandana na soketi, usiivute kwa koleo. Unaweza kung'oa pini pamoja na sehemu ya bodi. Chomoa upande wa pawasaplai, itoe kadi na kebo yake, piga picha, na kama kadi ina dhamana ipeleke hivyohivyo ilivyo.

Soketi ikiwa imeyeyuka, au pini imekuwa nyeusi, kadi inahitaji soketi mpya. Ni kazi ya fundi mwenye kituo cha hewa moto na uzoefu wa bodi nene, kwa sababu shaba ya pale hunyonya joto la kisolda cha kawaida na kazi inaishia kuharibu njia za bodi. Kusugua pini kwa msasa hakufai: unaondoa lile tabaka linaloikinga, na kutu inaanza.

Soketi ikiwa safi lakini bado una wasiwasi, punguza mzigo wakati unasubiri kebo mpya. Amri hii, ukiiendesha kwa ruhusa ya msimamizi wa mashine, inaiwekea kadi kikomo cha wati 350:

```
nvidia-smi -pl 350
```

Kikomo hicho hufutika ukizima kompyuta, kwa hiyo kirudie kila unapowasha. Kila pini itabeba chini ya ampea 5 badala ya 6 na robo, ikiwa zote zimeshika.

Na hesabu mara unazochomeka na kuchomoa. Plagi hizi zimekadiriwa mara 30. Anayefungua kila wiki kupiga vumbi anazimaliza ndani ya mwaka; futa vumbi bila kuigusa plagi, na ukilazimika kuichomoa, anza tena kwenye hatua ya 2.